Umepoteza ufunguo saa sita usiku: nani alipe?

Ijumaa moja nilijipata nje ya mlango wangu huku Umoja, saa sita kasoro usiku, nimepekua mifuko na begi mara tatu. Ufunguo ulibaki kwa matatu ama ulianguka steji, hadi leo sijui. Nikashuka kumgongea keteka.

“Baba Brian, samahani kwa kukuamsha. Una spea ya namba kumi na mbili?”

“Kijana wangu, hiyo nyumba niliachiwa ufunguo mmoja tu, na ndio nilikupa. Mwingine labda uko na landilodi. Ngoja kukuche.”

Simu ya landilodi ilikuwa imezimwa. Soja wa geti akaniitia fundi. Kabla hajatoa drili, Baba Brian alitaka kuona kitambulisho changu na meseji ya kodi ya mwezi huo. Nilikasirika, lakini alikuwa sawa. Fundi anayemfungulia yeyote anayesema “hapa ni kwangu” atamfungulia mwizi pia.

Fundi alitoboa silinda, kile kipande kidogo ambamo ufunguo huingia, akaweka mpya aliyokuwa nayo kwa mkoba. Dakika ishirini, kazi imeisha. Silinda 1,200, kazi ya usiku 1,500. Nikalipa 2,700 na kulala.

Vita vilianza asubuhi. Landilodi alisema nimeharibu mlango, hivyo atakata 4,500 kwa dipositi yangu aweke kitasa kipya. Hapo ndipo ninapotofautiana na wenye nyumba wengi.

Kupoteza ufunguo lilikuwa kosa langu, na gharama ya kurudisha mlango jinsi ulivyokuwa ni yangu. Sina ubishi. Lakini kurudisha ni kurudisha, si kumnunulia mwenye nyumba kitu bora kuliko alichonipa. Kitasa chenye silinda hakitupwi chote kwa sababu ya ufunguo. Unabadilisha silinda, na kile chuma kilicho ndani ya mlango kinabaki. Vile vitasa vya kizamani visivyo na silinda ndivyo mara nyingi hubidi kubadilishwa vizima. Kwa hivyo kabla ya kukubali kukatwa pesa, uliza ni kipi hasa kilichoharibika, na udai risiti.

Mambo hugeuka ikiwa ufunguo unao mkononi na kitasa ndicho kimekataa. Kitasa kinachochoka huonya mapema: lazima uvute mlango ndipo ufunguo uzunguke, au unauchomeka na kuutikisa mara tano. Huo ni uchakavu, na huo ni mzigo wa mwenye nyumba. Shida ni kwamba tunazoea. Siku ufunguo ukikatikia ndani, anasema uliulazimisha, na huna la kujitetea. Ukiona dalili hizo, mtumie meseji siku hiyo hiyo. Meseji ina tarehe. Mazungumzo ya ngazini hayana.

Sasa spea. Wapangaji wengi hawataki keteka awe na ufunguo wao, na ninawaelewa. Vitu vimewahi kupotea kwenye ploti bila mlango kuvunjwa. Lakini kukosa spea kabisa ndiko kulikonigharimu 2,700. Dawa ni bahasha. Weka ufunguo ndani, gundisha, kisha tia sahihi na tarehe ukivuka pale inapofungwa, halafu mpe keteka mkiwa wawili. Mwisho wa mwezi omba kuiona. Ikiwa imefunguliwa, utajua.

Na keteka kuwa na spea si ruhusa ya kuingia. Sheria ya Ardhi ya 2012 inamlinda mpangaji anayelipa kodi na kufuata masharti, akae kwake kwa amani bila kusumbuliwa na mwenye nyumba.

Mimi nilimwomba fundi aniandikie karatasi: silinda imebadilishwa, kitasa ni kizima, mlango haukuguswa. Nikaenda na landilodi hadi mlangoni, nikafunga na kufungua mbele yake. Akajaribu mwenyewe mara mbili. Ile 4,500 ikaishia hapo.

Kisha tukaongeza mistari miwili kwenye mkataba kwa kalamu, sote tukatia sahihi: mpangaji akipoteza ufunguo, analipia silinda na fundi, kitasa kikichakaa, au mpangaji mpya akiingia, mwenye nyumba ndiye analipa. Hilo la mpangaji mpya nililisisitiza, kwa sababu sikujua aliyekaa hapo kabla yangu aliondoka na nakala ngapi.

Silinda mpya ilikuja na funguo tatu. Mmoja ninatembea nao, mwingine uko kwa bahasha ya Baba Brian, wa tatu uko kwa dadangu Donholm. Wewe ukipoteza wako leo usiku, utamgongea nani?