Herufi Ndogo Kitabuni: Tazama Kwanza Aina ya Faili

Anayelalamika kuwa herufi za kitabu cha kielektroniki ni ndogo mno huambiwa aongeze ukubwa wa fonti. Jibu hilo ni sahihi kwa faili za aina moja tu.

Bibi mmoja wa jirani aliletewa na mwanawe Kindle ya inchi 6, ikiwa na kitabu cha PDF kilichopangwa kwa karatasi ya A4. Karatasi hiyo ina upana wa sentimita 21, ilhali kioo chake kina takriban sentimita 9. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi ya pointi 12 husomeka kama ya pointi 5, na pambizo nyeupe bado zinakula nafasi. Hapo macho ya bibi hayana kosa.

Kutambua ni rahisi. Kuza maandishi: maneno ya mwisho wa mstari yakishuka mstari unaofuata, maandishi yanatiririka, nawe una uhuru wa kuyapanga. Ukurasa mzima ukivimba hata ukalazimika kuuvuta kushoto na kulia, huo umegandishwa kama picha.

Kwa ukurasa ulioganda, ulaze. Upana wa kioo huwa kama sentimita 12, na herufi hufikia pointi 7. Kifaa kikiweza pia kukata pambizo, na zilikuwa sentimita 2.5 kila upande, hukaribia pointi 9. Utasoma ukurasa kwa vipande, lakini utasoma. Vinginevyo, mtumaji alipeleke faili kwa anwani ya barua pepe ya Kindle hiyo, na kwenye mada ya barua aandike `Convert`, ili maandishi yageuzwe yatiririke. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hakitanufaika sana, na chenye Kiarabu kikaguliwe baada ya kugeuzwa, kwani herufi huweza kutengana au mpangilio wake kupinduka.

Maandishi yakitiririka, gusa sehemu ya juu ya kioo, kisha `Aa`. Anzia `Font`: kuza mpaka usome bila kukunja uso, kifaa kikiwa mahali mkono unapokishika kwa kawaida. Ndipo uende `Layout`, upunguze pambizo. Utaratibu huu una sababu: maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, na fonti kubwa ndani ya pambizo pana huacha maneno matatu tu kwa mstari. Mistari ikiwa imenyooshwa pande zote mbili, huzuka mapengo ya ajabu baina ya maneno. Chagua mpangilio wa kushoto, mapengo yatatoweka.

Nafasi baina ya mistari iwe ya mwisho. Jicho likimaliza mstari na kurudia ule ule, au kuruka mmoja, iongeze hatua moja. Ukiipanua kupita kiasi, kila ukurasa utabaki na mistari michache, na kidole kitachoka kufungua kurasa kabla macho hayajachoka kusoma.