Lawino Hakujua Kiingereza

Wiki iliyopita, katika semina ya ushairi, mwanafunzi wa mwaka wa pili aliniuliza: "Mwalimu, huyu mama hakusoma. Kiingereza amekijulia wapi?" Darasa zima likacheka. Nami nikamjibu kwa lile jibu la haraka ambalo sisi wahadhiri hatulikosi mfukoni, kwamba sanaa ina kanuni zake. Nilipotoka nje nilijua kwamba nimemkwepa.

Tulikuwa tukisoma utenzi wa Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, kaskazini mwa Uganda. Lawino ni mke wa Kiacholi anayemshitaki mumewe, Ocol, msomi aliyemkimbilia mwanamke wa kisasa aitwaye Clementine. Ocol humdharau mkewe kwa kuwa hajui Kiingereza, wala kusoma saa. Basi mashitaka ya mwanamke huyo yalichapishwa Nairobi mwaka 1966, kwa Kiingereza! Okot aliyatunga kwanza kwa Kiacholi, lakini *Wer pa Lawino*, utungo wenyewe wa asili, ulichapishwa mwaka 1969. Kwa miaka mitatu akina Ocol walikuwa na kitabu mkononi, na akina Lawino hawakuwa nacho.

Wenzangu huniambia kwamba Kiingereza hufika mbali. Ni kweli, kinafika mbali, lakini kwa nani? Kutoka Gulu kilifika London upesi kuliko kilivyofika kwenye kijiji cha jirani. Na kilipunguza mzigo njiani: utungo wa Kiacholi una vina na mapigo ya wimbo, ule wa Kiingereza ni shairi huru. Okot mwenyewe alikiri mwanzoni mwa kitabu kwamba katika kutafsiri ameua mapigo na vina.

Hata hivyo, siwaungi mkono wale wanaomwita msaliti kila mshairi aandikaye kwa lugha ya mkoloni. Tazama neno moja tu, Rubanga, jina ambalo Wakristo wengi wa Kiacholi humwitia Mungu. Okot, ambaye alikuwa pia mtaalamu wa elimu ya jamii na mila, alisimulia asili yake. Wamisionari wa Kiitaliano waliwauliza wazee ni nani aliyewaumba. Swali hilo halikuwa na maana kwa wazee, kwa sababu kwao watu huzaliwa. Na kwa jinsi lilivyowafikia katika Kiacholi, likawa linauliza ni nani aliyewafinyanga. Waliposhinikizwa, mmoja akakumbuka kwamba mtu akipatwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, mgongo wake hupinda, na anayempinda ni pepo aitwaye Rubanga. Wageni wakafurahi, jina la Muumba likawa limepatikana.

Katika Kiacholi, msomaji hulipita jina hilo bila kushtuka, kwani amelisali tangu utotoni. Katika Kiingereza Okot hakuandika Mungu. Aliandika Kibiongo, tafsiri ya neno kwa neno, na kila sala anayoidhihaki Lawino ikawa inaelekezwa kwa Kibiongo. Msomaji wa Kiingereza akashtuka, na huo ndio mshtuko aliostahili, kwa maana kosa lilitokana na upande wa wale waliouliza swali. Kwa hiyo tungo hizi mbili zina wasikilizaji wawili na kazi mbili. Katika Kiacholi, Lawino analalamika mbele ya ukoo wake. Katika Kiingereza, Ocol anasutwa mbele ya wale anaowaiga, na kwa lugha ileile anayojivunia.

Utetezi huu wa Okot una mpaka wake. Unasimama kwa sababu Kiacholi kilitangulia. Kiingereza hakikupewa nafasi ya kufikiri kwa niaba ya Lawino. Hata majibu ya Ocol, yaliyotoka mwaka 1970, Okot aliyatunga moja kwa moja kwa Kiingereza. Naona hapo Ocol alipewa lugha yake halisi. Mshairi wa leo anayeanza na kumaliza kwa Kiingereza, kisha akatuambia kwamba anawasemea wanawake wa kijijini, anaazima heshima ya Lawino kwa ulimi wa Ocol. Aseme wazi kwamba anatuandikia sisi wenye shahada na wahariri wa ng'ambo. Hilo si dhambi. Dhambi ni kuliita sauti ya kijiji.

Nami sijajitoa katika lawama hii. Paul Sozigwa aliutafsiri utenzi huu kwa Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1975 kwa jina la *Wimbo wa Lawino*. Katika miaka yote niliyoufundisha, kwenye ukumbi ambamo kila mtu hutaniana kwa Kiswahili hadi dakika ninayoingia, sikuwahi kuuweka katika orodha ya vitabu. Muhula ujao umo. Mwanafunzi yule alipopata habari hiyo alikuja ofisini akaomba aone pia *Wer pa Lawino*. Sikuwa na nakala.