Mirathi ya Ngotho

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu la shule nitoe maoni yangu juu ya kitabu cha Weep Not, Child, alichokitunga Ngugi wa Thiong'o wa Kenya, kikachapishwa mwaka 1964. Wenzangu wengi tukikijadili husema kuwa ni kitabu cha Mau Mau, cha Mwafrika na Mzungu. Hayo yamo, sikatai. Lakini naona kuwa kisa chenyewe hasa ni cha mirathi: baba asiye na shamba la kuwaachia wanawe, na jinsi jambo hilo lilivyoivunja nyumba yake.

Ngotho ana wake wawili, Njeri na Nyokabi, na wana wa kiume kadhaa. Anakaa katika ardhi ya tajiri Jacobo akiwa muhoi. Neno hilo ni la Kikikuyu, lakini sisi wa Kilwa na Lindi hatuna shida kulifahamu. Desturi ya pwani ni kuwa mgeni hupewa kipande cha kulima mtama au muhogo, ila akitaka kupanda mnazi, mwenyewe humkataza. Muhogo ukishang'olewa mambo yamekwisha, bali mnazi humpita umri aliyeupanda, na kesho watoto wake watakuja kuudai. Muhoi naye ni hivyo. Hulima na kujenga kwa hisani, wala hana cha kurithisha.

Mambo yalifikaje hapo? Katika Vita Kuu ya Kwanza Ngotho alichukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi za vita. Aliporudi alikuta baba yake ameondolewa katika ardhi yao. Baadaye akaajiriwa na Bwana Howlands, akawa kibarua katika ardhi ile ile ya wazee wake. Usiku mmoja anawahadithia wanawe jinsi Mungu alivyowapa Gikuyu na Mumbi nchi ile, na jinsi mtabiri Mugo wa Kibiro alivyosema kuwa wageni wataondoka. Hiyo ndiyo mirathi yote aliyo nayo: hadithi na kungoja.

Njoroge mdogo anaipokea kwa furaha. Lakini Boro amerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, ambamo ndugu yake Mwangi alikufa. Yeye anamwuliza baba yake awezaje kumtumikia mtu aliyewanyang'anya ardhi. Tangu usiku ule ugomvi wa ardhi umeingia ndani ya nyumba, na baba amekuwa mshtakiwa mbele ya mwanawe.

Kwa maoni yangu, yote yanayofuata yanatokana na swali lile. Wakati wa mgomo wa wafanyakazi Ngotho anamrukia Jacobo mbele ya umati, kana kwamba anataka kumjibu Boro. Matokeo yake anapoteza kazi, na anatakiwa kuhama katika ardhi ya Jacobo. Hisani imekwisha, na hana haki yoyote ya kudai. Asingalipewa mahali pa kujenga na Nganga seremala, angalilala nje.

Tena mtazameni Howlands. Yeye anayo ardhi, lakini mwanawe Peter amekufa vitani, na binti yake amekwenda kuwa mmisionari. Anapotembea shambani pamoja na Ngotho, swali lake ni nani atakayelitunza shamba baada yake. Mmoja ana warithi bila ardhi, mwingine ana ardhi na mrithi hamwoni. Mwisho wa kitabu Jacobo, Howlands na Ngotho wote wamekufa, na wana wakubwa wa Ngotho wako mikononi mwa serikali. Ardhi imebaki, watu wameondoka.

Wako watakaosema kuwa Boro alikuwa na haki. Alikuwa nayo, maana ardhi ilichukuliwa kweli. Lakini alimhukumu baba yake kwa kosa la watu wengine, na akaja kumwomba msamaha mzee akiwa anakata roho.

Kwetu hakuna Howlands, lakini hadithi bila mpaka ziko. Mzee anajua kuwa shamba lake linaishia kwenye mwembe fulani. Mzee akifa na mwembe ukianguka, watoto wa baba mmoja hushikana mashati. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeliruhusu baraza la kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na inakataza desturi ya kumnyima mwanamke ardhi kwa sababu ni mwanamke. Ngotho hakuwa na mlango wa namna hiyo wa kubisha.

Basi wazazi wetu mtakaosoma gazeti hili, tunaomba likizo hii mtutembeze shambani, wavulana na wasichana, pamoja na jirani wa kila upande, mtuonyeshe mipaka mkiwa hai. Kisha iandikwe. Hadithi tutazisikiliza jioni.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne