Kabla ya Kupanda Mchicha Gulwe, Hesabu Madumu

Ndugu zangu wa Gulwe, wapo miongoni mwetu wanaosikia bei ya vitunguu vya Lumuma na kutaka kugeuza ua wa nyumba kuwa shamba la vitunguu. Kitunguu hukaa ardhini miezi mitatu au minne baada ya kuhamishwa kitaluni, na siku ya kuvuna kila mtu anavuna. Mwenye kipande cha hatua kumi kwa kumi hawezi kungoja muda wote huo kisha akauze siku ambayo soko limejaa. Huyo apande kinacholiwa na ugali kila jioni na kinachoiva ndani ya wiki nne, nacho ni mchicha.

Wengine watasema soko liko stesheni, kwa abiria. Abiria hanunui mchicha mbichi. Tena sisi tunajua jinsi mafuriko yanavyoikata reli kati ya Kilosa na hapa. Mnunuzi wa kutegemewa ni mama lishe, mwalimu, na jirani asiye na bustani. Waulize hao kwanza wananunua mafungu mangapi kwa wiki, ndipo uchukue jembe.

Kosa linalowaangusha wengi ni kupanda eneo lote siku moja. Mchicha ukifika urefu wa shubiri haungojei mteja: baada ya siku chache unakomaa, unatoa maua, na mama lishe anaukataa. Gawa eneo lako. Tengeneza majaruba manne, kila moja mita moja kwa tano, upande moja kila wiki. Wiki ya nne au ya tano unang'oa la kwanza, unalirutubisha na kulipanda tena, na tangu hapo kila wiki una cha kuuza.

Nasema majaruba, si matuta ya kuinuka. Tuta la kuinuka linafaa penye mvua nyingi. Kwetu kiangazi linakauka pande zote. Chimba jaruba lishuke kiganja kimoja chini ya ardhi ili maji yasikimbie. Changanya debe moja au mawili ya samadi iliyooza mpaka ikapoteza harufu, kwa maana ile mbichi ya zizini huunguza miche. Mbegu ni ndogo mno, hivyo vijiko viwili vya chai vinatosha jaruba zima; zichanganye na mchanga mkavu mara kumi yake, uzimwage katika mistari iliyoachana shubiri moja, na uzifukie kwa udongo mwembamba tu. Funika kwa nyasi kavu, uziondoe juu ya mistari mara miche inapochomoza. Wanaomwaga mbegu nyingi wakidhani watavuna zaidi huona miche imelala chini asubuhi, shina limenyauka usawa wa ardhi. Huo ni ugonjwa wa kuoza, unaopenda msongamano na unyevu wa usiku. Punguza miche, na umwagilie asubuhi.

Sasa tuje kwenye maji, maana hapa ndipo bustani nyingi za kwetu hufia. Kiangazi kila mita ya mraba inataka lita tano hivi kwa siku. Majaruba manne ni lita 100, yaani madumu matano. Kwa wiki ni madumu 35. Jaruba moja lililotunzwa vizuri hutoa mafungu kama 30 ya robo kilo. Tuseme fungu unauza shilingi 300: umepata 9,000 kwa wiki. Kama dumu unalinunua shilingi 100, maji yamekula 3,500, na kinachobaki kinaonekana. Likiwa shilingi 200 yamekula 7,000, na unahangaika kwa 2,000. Likifika bei ya fungu lenyewe, unamlipa muuza maji ili ule jua bure. Basi mwenye kununua dumu kwa zaidi ya nusu ya bei ya fungu asianze, au apande jaruba moja la mboga ya nyumbani, alimwagilie maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni.

Mwenye kuchota bure kwenye kisima cha mchangani mtoni ana nafuu kubwa, ila bustani yenyewe asiisogeze ukingoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto, na mafuriko hayaulizi nani amepanda nini.

Zingatieni majira pia. Kuanzia Januari mlenda na mchicha pori huota wenyewe kila mahali, na hakuna atakayetoa pesa. Biashara hii ni ya Juni hadi Novemba. Kabla ya mvua, acha miche kumi iliyonenepa kuliko mingine itoe mbegu, ukate vichwa vikianza kukauka, uvipukute juu ya kitambaa. Majaruba yapande kunde, maana majani yake utayala wewe mwenyewe wakati fedha yako iko shambani kwenye mtama.