Maji inang'aa, lakini mchanga unasema nini?



Siku si nyingi tulikuwa kwenye mkutano juu ya foraji mpya, na mzee mmoja aliniuliza mbele ya watu wote: "Bwana agronomu, maji iko safi, inang'aa, na laboratwari imesema hakuna mikrobe. Wewe unatafuta nini tena mule ndani?" Nilijibu mbio mbio, na niliona kwa uso wake kwamba hakuridhika. Mzee, leo najibu pole pole. Jibu langu linatoka mbali, Bangladeshi, juu ya kule watu waliuliza swali lako wakati wamechelewa.

Bangladeshi ni nchi ya delta. Mito ya Ganje na Bramaputra inateremka kutoka milima ya Himalaya, inabeba udongo, na inaumwaga pale kabla ya kuingia baharini. Zamani watu wa vijiji walikuwa wanakunywa maji ya mito na ya mabwawa, na kolera na kuhara vilikuwa vinaua watoto wengi. Katika miaka ya 1970, serikali pamoja na Unisefu walisukuma kazi ya visima vya tiyo. Tiyo nyembamba inaingizwa chini mita 15, 30 au 60, juu wanaweka pompi ya mkono, kazi imekwisha kwa siku moja au mbili. Bei ilikuwa ndogo, na baadaye familia nyingi zilichimba vyao kwa pesa zao. Visima vilifika mamilioni. Maji ilipimwa mikrobe, ikaonekana nzuri. Hakuna aliyepima arseniki, kwani wakati ule haikuwa kwenye orodha ya vipimo.

Arseniki ni sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha. Haikuangushi siku ile ile. Mtu anakunywa miaka 5, miaka 10, halafu ngozi inatoka madoa, viganja na nyayo vinakuwa vigumu kama vimeota chunjua. Baadaye inaweza kuleta kansa ya ngozi, ya mapafu, ya kibofu. Mwaka 1983, upande wa India wa delta ile ile, daktari wa ngozi wa Kalkuta anayeitwa Saha aliona wagonjwa wenye alama hizo na akatambua kwamba ni arseniki. Ndani ya Bangladeshi kwenyewe ilipatikana kwenye visima mwaka 1993. Mwaka 1998 na 1999 walipima visima 3,534 nchi nzima. Kwa vile visivyofika mita 150, zaidi ya kisima 1 kati ya 4 kilipita mikrogramu 50 kwa litre, kipimo cha nchi ile. Shirika la Afya Duniani linasema tusipite 10.

Sasa sumu ile ilitoka wapi? Hapo ndipo wengi wanakosea, wanafikiri ni kiwanda ao dawa ya shamba. Hapana. Ilikuja na mchanga wenyewe. Punje za mchanga wa Himalaya zimefunikwa na kutu ya chuma, na arseniki imeshikamana na ile kutu. Ikikaa pale haina shida. Lakini mto wa delta unazika pia majani, miti, matope meusi. Mikrobe za chini ya udongo zinakula ile takataka na zinamaliza hewa yote iliyo ndani ya maji. Hewa ikiisha, zinaanza kutumia kutu ya chuma mahali pa hewa. Kutu inayeyuka, na arseniki inaachiliwa ndani ya maji. Mchanga uliopoteza kutu yake unabaki wa kijivu.

Ndiyo sababu kisima kifupi cha tiyo ndicho kibaya kule. Kinanyonya kwenye mchanga wa kijivu, ule uliomwagwa na mto katika miaka 10,000 ya mwisho. Chini zaidi kuko mchanga wa zamani sana, wa rangi ya machungwa, ulio bado na kutu yake. Kwa visima vilivyopita mita 150, karibu 1 tu kwa 100 kilipita kipimo cha nchi. Wachimbaji wa Bangladeshi leo wanaangalia rangi ya mchanga unaotoka kwenye tiyo kabla ya kuamua wasimame wapi.

Lakini rangi haitoshi, na kisima cha jirani hakitoshi pia. Kule kuko visima viwili kwenye lupango moja, kimoja kizuri, kingine sumu, kwani tabaka za delta hazilali sawasawa. Ilibidi kupima kisima kimoja kimoja, karibu milioni 5, na kupaka pompi rangi: kijani unywe, nyekundu usinywe. Tena usifikiri kuchemsha kunasaidia. Maji inapungua ndani ya sufuria, arseniki inabaki, basi inazidi ukali.

Kwa sisi wakulima kuko jambo lingine. Mpunga wa kiangazi unataka maji karibu mita 1 kwa msimu, ni kusema metre kibe 10,000 kwa hekta. Kama pompi inatoa maji yenye mikrogramu 100 kwa litre, hesabu inatoa kilo 1 ya arseniki kwa kila hekta, kila msimu. Sehemu kubwa inabaki kwenye udongo wa juu, na mpunga unaosimama ndani ya maji unainyonya. Kule Faridipuri, pale maji inapoingilia shambani, karibu na mdomo wa pompi, ndipo udongo ulijaa arseniki mingi, na mavuno yalishuka sana kuliko upande wa mbali wa shamba lile lile.

Sisemi visima vyetu viko na sumu, na sisemi turudi kunywa maji ya mto. Kolera tunaijua. Hata Bangladeshi, waliochimba walitaka kuokoa watoto, na kwa upande wa kuhara hawakukosea. Kosa lao ni kwamba walipima kitu kimoja, wakaita maji safi. Mawazo yangu ni haya: koperative isitie sahihi ya kupokea foraji kama karatasi ya mchimbaji haionyeshi urefu wa tiyo na rangi ya mchanga kila mita chache, pamoja na kipimo cha arseniki cha kisima kile kile, si cha kijiji jirani. Kuko kipimo cha shambani ambacho karatasi ndogo inageuka manjano mpaka kahawia kwa muda usiofika saa moja, unalinganisha na rangi za kifuniko. Kikionyesha mbaya, tupeleke maji laboratwari kuhakikisha. Na kisima kikiwa kibaya kweli, hatukivunji: tunapaka pompi nyekundu, tunafua nguo na kuosha nyumba nayo, na maji ya kunywa na kupika tunachota kwa jirani.

Wengine watasema kipimo kinaongeza gharama na kuchelewesha mradi. Ni kweli, siku chache. Lakini madoa kwenye viganja yanangoja miaka 10 kabla ya kutoka, na siku ile mradi umeshafungwa, mfadhili ameshaenda, na kisima ni chetu. Mzee wangu, hicho ndicho nilikuwa ninatafuta ndani ya ile maji.