Deksamethasoni si dawa ya safari: funzo la korona kutoka Kobero hadi Gitega

Wiki ya tatu ya Juni 2020 ilileta habari mbili ambazo watu wachache waliziunganisha. Jumanne ya tarehe 16, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford nchini Uingereza walitangaza kwamba deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei nafuu, imepunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa korona. Siku mbili baadaye, Alhamisi ya tarehe 18, Evariste Ndayishimiye aliapishwa mjini Gitega kuwa Rais wa Burundi. Kabla mwezi haujaisha, Rais huyo mpya alikwisha kuutaja ugonjwa huo kuwa adui mkubwa wa taifa.

Yalikuwa mageuzi makubwa. Mwezi mmoja tu nyuma, katikati ya Mei, serikali iliyotangulia ilikuwa imemfukuza mwakilishi wa Shirika la Afya Duniani na wenzake watatu, siku chache kabla ya uchaguzi. Julai kampeni ya upimaji ikaanza, na bei ya sabuni ikashushwa. Januari 2021 mipaka ya nchi kavu na ya majini ikafungwa, na wachuuzi wa mkoa wa Muyinga waliozoea kuvuka Kobero kwenda Kabanga, upande wa Ngara nchini Tanzania, wakajikuta wamekwama. Chanjo zilianza kutolewa Burundi Oktoba 2021.

Mipaka ilifunguliwa, barakoa zikawekwa kando, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba dharura imekwisha. Virusi, hata hivyo, havikuondoka, na nusu ya ile habari ya Oxford haikuwahi kufika sokoni vizuri. Watu walisikia kwamba deksamethasoni inaponya korona. Hawakusikia inamponya nani, wala inamdhuru nani. Katika ukanda wetu vidonge hivi havina ugumu kupatikana, tena kwa bei ndogo, na ni rahisi mtu mwenye kikohozi na mzigo wa kupeleka kuvimeza ili asipoteze siku ya soko. Hapo ndipo hatari ilipo.

Tuanze na utafiti wenyewe. Ulihusisha wagonjwa zaidi ya 6,400 waliolazwa hospitalini Uingereza. Baadhi walipewa miligramu 6 za deksamethasoni kila siku, kwa muda usiozidi siku 10. Wengine walipata huduma ya kawaida bila dawa hiyo. Baada ya siku 28 walihesabiwa waliokufa. Miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41 hadi 29. Miongoni mwa waliohitaji oksijeni lakini si mashine, vilishuka kutoka asilimia 26 hadi 23. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni kabisa, waliopewa dawa walikufa asilimia 18, na wasiopewa asilimia 14. Tofauti hii ya mwisho huenda ni ya bahati tu, wanasema wataalamu wa takwimu. Hata hivyo, faida haikuonekana, na mwelekeo ulikuwa mbaya. Ndiyo sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2020 uliipendekeza dawa hii kwa wagonjwa mahututi na walio katika hali mbaya, ukashauri isitumike kwa wengine.

Kwa nini dawa moja iwe na sura mbili? Ugonjwa huu una vipindi viwili. Katika wiki ya kwanza virusi vinazaliana, na kinga ya mwili ndiyo inayovizuia. Kwa watu wengi kinga hushinda na habari inaishia hapo. Takwimu za mwanzo kutoka China zilionyesha kwamba takriban wagonjwa 81 kati ya 100 hawakufikia hali mbaya, 14 walifikia hali mbaya, na 5 wakawa mahututi. Leo, baada ya chanjo na maambukizo ya awali, wanaofikia hali mbaya ni wachache zaidi. Kwa wale wachache, karibu na siku ya 7 hadi ya 10, kinga yenyewe hupitiliza. Mapafu hufura, vifuko vidogo vya hewa hujaa majimaji, na oksijeni haivuki tena kuingia kwenye damu. Hiyo ndiyo nimonia ya korona. Deksamethasoni, kama steroidi nyingine, kazi yake ni kuituliza kinga. Ukiituliza wakati inapitiliza, unaokoa mapafu. Ukiituliza siku ya pili, wakati bado inapigana na virusi, umemfunga mikono askari wako.

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa mchele, mwenye umri wa miaka 52 na kisukari, anayetoka Ngara kupeleka mzigo Gitega kupitia Kobero, Muyinga na Karuzi. Si mtu fulani; ni mfano tu. Siku ya kwanza ana homa, kichwa kinamuuma, anakohoa. Wazo la kwanza ni malaria, na ni wazo la haki katika eneo kama Muyinga. Anapimwa, anakutwa na vimelea, anapewa dawa. Lakini kuwa na malaria hakuzuii mtu kuwa na korona pia, na homa isiyoshuka baada ya siku tatu za dawa ya malaria yapaswa kumrudisha zahanati.

Tuseme badala ya kurudi ananunua deksamethasoni. Jioni hiyohiyo homa inashuka, hamu ya kula inarudi, mwili unapata nguvu. Anaona amepona, anapakia mzigo. Huu ndio udanganyifu mkubwa wa dawa hii: inaondoa dalili kabla haijaondoa ugonjwa, na dalili ndizo zilizokuwa zimshawishi apumzike. Zaidi ya hapo, steroidi hupandisha sukari, na kwa mwenye kisukari inaweza kupanda kwa kiwango cha hatari ndani ya siku chache. Na kama ana minyoo ya aina ya strongiloidi, inayoingia mwilini kupitia ngozi ya miguu inayokanyaga udongo, kinga iliyotulizwa huiachia izagae mwili mzima.

Siku ya nane anafika Gitega. Anazungumza vizuri, ila anapopanda ngazi za ghala anahema. Korona ina tabia ya ajabu hapa: oksijeni inaweza kushuka sana kwenye damu bila mgonjwa kujihisi vibaya kwa kiwango hichohicho. Ndiyo maana kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni, oksimita, kilipata umaarufu. Kwa mtu mzima mwenye afya aliye pwani ya Dar es Salaam, kinasoma asilimia 95 hadi 100. Gitega iko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, na huko hewa ni nyepesi, hivyo namba ya kawaida huwa chini kidogo. Inafaa mtu ajue namba yake akiwa mzima, ili akiugua awe na cha kulinganisha. Ikishuka pointi tatu au nne chini ya kawaida yake, aende hospitali. Ikiwa chini ya 90, hiyo ni hali mbaya na asisubiri asubuhi.

Kuna jambo jingine ambalo watengenezaji hawakulitangaza. Utafiti wa Marekani uliochapishwa Desemba 2020 ulionyesha kwamba oksimita huwakosea watu weusi mara nyingi zaidi kuliko weupe, kwa kuonyesha namba ya juu kuliko hali halisi ya damu. Kwa ngozi zetu, basi, namba inayoonekana ya wastani si ya kuaminiwa mno ikiwa mtu anahema. Vidole vya baridi, hina na rangi ya kucha navyo huvuruga kipimo.

Hospitalini, mgonjwa wetu anakutwa na asilimia 86. Sasa mambo yanageuka. Dawa ya kwanza ni oksijeni yenyewe. Ya pili ni ileile deksamethasoni, miligramu 6 kwa siku, ambayo sasa imefika wakati wake, huku sukari ikipimwa kila siku. Ya tatu ni dawa ya kuzuia damu isigande.

Hii ya tatu haijulikani sana sokoni. Uvimbe wa mapafu huathiri pia kuta za mishipa midogo ya damu, na damu huanza kuganda humo. Vipande vilivyoganda miguuni kwa sababu ya kulala muda mrefu navyo vinaweza kupanda hadi mapafuni na kuua ghafla. Kwa hiyo mgonjwa aliyelazwa hupewa sindano ya heparini au ya jamii yake, mara nyingi enoksaparini miligramu 40 kwa siku, ambayo ni dozi ya kinga. Kubishana kulikuwa juu ya dozi kubwa. Majaribio ya kimataifa yaliyochapishwa Agosti 2021 yalitoa jibu lenye pande mbili, kama la steroidi lakini kinyume chake: dozi kubwa iliwasaidia kidogo waliolazwa ambao hawajawa mahututi, asilimia 80 wakatoka salama bila kuhitaji msaada wa mashine wala dawa za kupandisha presha, dhidi ya 76. Kwa waliokwisha kuwa mahututi haikufaa kitu. Nayo huongeza hatari ya kuvuja damu, hivyo ni uamuzi wa daktari anayejua figo za mgonjwa na vidonda vyake vya tumbo. Aspirini ya dukani si mbadala. Ilijaribiwa kwa maelfu ya wagonjwa hospitalini, na haikupunguza vifo.

Turudi kwenye oksijeni, kwa sababu ndipo sera inapoguswa. Mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika anatumia lita 14,400 kwa siku. Mtungi mkubwa una lita zipatazo 7,000. Mgonjwa mmoja, mitungi miwili kwa siku. Wagonjwa watano, mitungi kumi, kila siku, ikisafirishwa kwa lori hadi Muyinga. Mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani hupunguza mzigo huo, lakini nyingi hutoa lita 5 au 10 tu, na umeme ukikatika zinazimika. Utafiti wa hospitali 64 katika nchi 10 za Afrika, Kenya na Ethiopia zikiwemo, uliochapishwa Mei 2021, ulikuta karibu nusu ya wagonjwa mahututi wa korona walikufa ndani ya siku 30, ilhali wastani wa dunia ulikuwa chini ya theluthi. Dawa za bei ndogo zilikuwepo. Kilichopungua zaidi ni vifaa, na watu wa kukesha na mgonjwa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipambana na korona kwa kuwafuatilia madereva wa malori: vyeti vya vipimo vilivyodumu siku 14 na mfumo wa kielektroniki wa kumfuata dereva na mzigo wake. Ulikuwa mfumo wa kulinda mipaka. Mchuuzi anayeugua Kobero, mwenye kadi ya matibabu ya upande mmoja na mzigo upande wa pili, bado anachagua kati ya kurudi nyumbani kilomita nyingi au kulipa taslimu alipo. Kwa ugonjwa unaobadilika kati ya siku ya saba na ya kumi, siku mbili za kusita barabarani ndizo zinazomfikisha akiwa na asilimia 80 badala ya 90.