Siku Moja Waliyoizozania Mama na Mwanawe

Bismillahi Rahmani Rahim. 

Alhamisi moja tulipitiwa na tarehe 29 Februari 2024, tarehe ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka 2020. Siku chache kabla yake nilijiwa na suala linaloihusu tarehe hiyo, na kwa kuwa tulikuwa katika Shaaban, na wengi wenu mlikuwa mkijiandaa kutoa zaka zenu, niliona niwashirikishe.

Aliyeniuliza ni mama wa makamo anayeishi Makongeni, hapa Nairobi, mwenye godauni dogo la vitambaa katika Industrial Area. Alianza kutoa zaka ya biashara yake tarehe 1 Januari 1990, na kila mwaka ifikapo tarehe hiyo hufunga vitabu, huhesabu bidhaa na fedha, kisha hutoa fungu moja katika arubaini. Tarehe 1 Januari 2024 alitoa kama desturi yake. Lakini mwanawe, anayemsaidia kuandika hesabu, alimwambia, "Mama, hawli ya zaka ni mwaka wa mwezi mwandamo, si mwaka wa kalenda ya ukutani. Tuhesabu siku tuone kama hatudaiwi." Wakaketi, kila mmoja na karatasi yake. Mama akapata siku 12,417. Mwana akapata 12,418. Ndipo waliponijia. "Sheikh wangu," akasema mama, "tupatanishe kwanza katika siku hii moja, kisha utueleze la zaka."

Nami nitafuata mpango huo huo.

Tangu 1 Januari 1990 hadi 1 Januari 2024 ni miaka 34. Ukiizidisha kwa siku 365 unapata 12,410. Juu yake huongezwa siku moja kwa kila mwaka mrefu uliopita katikati, yaani mwaka wenye 29 Februari. Mwana aliihesabu miaka hiyo: 1992, 1996, 2000, 2004, 2008, 2012, 2016 na 2020. Ni minane, na jumla ni 12,418. Mama aliutoa mwaka 2000, akabakiwa na saba. Hoja yake ni kwamba alifundishwa skuli ya kuwa mwaka unaoishia kwa sufuri mbili si mwaka mrefu.

Mama hakukosea kabisa, ila alishika nusu ya kanuni. Kanuni kamili ina ngazi tatu. Mwaka unaogawanyika kwa 4 bila baki ni mrefu. Lakini ukiwa ni mwaka wa kutimiza karne, nao ni ule unaogawanyika kwa 100, huo ni mfupi. Na hata huo wa karne, ukigawanyika kwa 400, hurudi kuwa mrefu. Kwa hiyo 1900 ulikuwa mfupi, 2000 ulikuwa mrefu, na 2100 utakuwa mfupi. Mwana ndiye aliyepata.

Huenda ukauliza sababu ya mzunguko wote huu. Jua halikamilishi mwaka wake kwa siku 365 kamili. Huzidisha saa 5, dakika 48 na sekunde zipatazo 46. Mabaharia na wakulima wa pwani yetu walikuwa na mwaka wa Nairuzi, ambao mpaka leo watu wa Makunduchi kule Unguja wanaukumbuka kwa sherehe za Mwaka Kogwa. Mwaka ule ulihesabiwa kwa siku 365 tu, bila nyongeza, na kwa hiyo siku ya mwaka ilikuwa ikirudi nyuma, ikilinganishwa na jua, kwa kadiri ya siku moja kila miaka minne. Katika umri wa mzee mmoja msogeo huo ni mdogo. Katika miaka mia unafika takriban siku 24, na pepo na mvua hazimsubiri mtu.

Warumi wa kale waliziba pengo hilo kwa kuongeza siku moja kila baada ya miaka minne bila kubagua. Hapo wakazidisha, kwa maana saa 5 na dakika 48 si saa 6. Ziada ni dakika 11 na kidogo kwa mwaka, nayo hulimbikizana ikawa siku nzima kila miaka 128 hivi, sawa na siku tatu katika miaka 400. Ilipofika mwaka 1582, Papa Gregori wa Roma aliamuru siku kumi zirukwe, na Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa ya tarehe 15 Oktoba. Ili kosa lisirudi, ikawekwa kanuni ya kuziondoa siku tatu katika kila miaka 400. Hizo tatu ndizo za miaka ya karne isiyogawanyika kwa 400. Hivyo miaka 400 ina miaka mirefu 97, wala si 100, na siku zake zote ni 146,097.

Sasa tazameni jambo la ajabu kidogo. Kwa kuwa mwaka 2000 ulikuwa mrefu, mtu asiyejua lolote ila "gawanya kwa nne" hatakosea kamwe kwa tarehe zote za baina ya 1901 na 2099. Aliyekosea ni mama aliyejua zaidi kidogo. Kosa la yule asiyejua linajificha mpaka avuke 1900 kwa nyuma au 2100 kwa mbele, na wengi wetu tunavuka tunaposoma maandishi ya mababu.

Chukueni mfano wa reli inayopita pembezoni mwa Industrial Area. Ujenzi wake kutoka Mombasa ulifika Nairobi tarehe 30 Mei 1899. Tuseme unataka kujua siku hiyo ilikuwa ya ngapi katika juma. Anza na 30 Mei 2023, iliyokuwa Jumanne, urudi nyuma miaka 124. Miaka 124 kwa 365 ni siku 45,260. Miaka mirefu iliyo katikati ni kuanzia 1904 hadi 2020, nayo ni 30, na jumla inakuwa 45,290. Gawanya kwa saba, unapata majuma 6,470 kamili bila baki. Basi reli ilifika siku ya Jumanne. Lakini ukiuhesabu 1900 kuwa mrefu, utapata siku moja zaidi, na utasema Jumatatu.

Hapa ndipo pana kipimo cha kujikagua. Hesabu za kalenda zimewahi kurekebishwa, lakini mfululizo wa siku saba haukukatika. Hata mwaka 1582 Alhamisi ilifuatwa na Ijumaa. Ukipata katika msahafu wa zamani wa ukoo au daftari la babu kwamba fulani alizaliwa Ijumaa ya tarehe fulani kabla ya Machi 1900, na hesabu yako ikakupa Jumamosi au Alhamisi, usiharakishe kumkosoa mzee. Angalia kwanza kama umeuhesabu mwaka 1900 kuwa na 29 Februari. Haukuwa nayo.

Tumewapatanisha mama na mwana. Tuje kwenye zaka, ambako siku moja si kitu lakini siku nyingi ni deni.

Mwaka wa Hijria una siku 354, na mara nyengine 355. Wanahesabu wameupangia duru ya miaka 30, ambamo miaka 11 ina siku 355 na iliyobaki 354, na jumla ni siku 10,631. Duru hii ni ya makadirio tu. Kuanza kwa mwezi kwetu ni kwa kuandama kwake, na tofauti ya siku moja au mbili baina ya hesabu na macho si ya kushangaza. Tena mwaka huu hauongezewi kitu ili ufuate majira, na ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima, ikatujia mara wakati wa joto na mara wakati wa baridi.

Basi twaa zile siku 12,418. Toa 10,631 za miaka 30 ya Hijria, zabaki 1,787. Ndani yake mna miaka mitano mingine, ambayo ni kama siku 1,772, zabaki 15. Kwa hiyo tangu alipoanza mama huyu, imemtimilia miaka 35 ya Hijria na siku 15. Ukiangalia tarehe zenyewe utaona zinakubaliana: 1 Januari 1990 ilikuwa kwa hesabu 4 Jumada Thani 1410, na 1 Januari 2024 ilikuwa 19 Jumada Thani 1445.

Ametimiza hawli 35 baada ya zaka yake ya kwanza, naye ametoa 34. Hakula kusudi, wala hakuficha kitu. Zile siku kumi na moja za kila mwaka ziliteleza kimyakimya mpaka zikawa mwaka mzima, na zaka ya mwaka mzima imebaki juu yake.

Nilimwambia, "Mama, toa hiyo moja. Kwa kuwa vitabu vyako unavyo, chukua thamani ya mali yako ilipofika hawli ya mwisho, yaani 4 Jumada Thani 1445, iliyoangukia katikati ya Desemba 2023. Na tangu sasa iandike tarehe hiyo ya Hijria katika daftari lako, ndiyo iwe siku yako ya zaka."

Akaniuliza, "Na kama hesabu za biashara haziwezi kufungwa ila mwisho wa Desemba, kwa ajili ya kodi?" Swali lake ni la haki. Wako wanazuoni wa zama hizi walioruhusu mwenye dhiki hiyo atoe kwa mwaka wa jua, lakini azidishe kiwango kwa kadiri ya siku zilizozidi: badala ya asilimia 2.5 atoe asilimia 2.577. Katika kila shilingi milioni moja atatoa 25,770 badala ya 25,000. Zile shilingi 770 ndizo fungu la siku kumi na moja. Lililo salama zaidi ni kufuata mwezi.

Mkitaka kuona tofauti hii katika muda mrefu kuliko wa godauni lile, someni Surat Al-Kahf, aya ya 25, inayotaja muda wa Watu wa Pangoni: miaka mia tatu, ikazidishwa tisa. Wako wafasiri walioeleza kwamba mia tatu ni kwa jua, na hizo tisa ndizo ziada yake kwa mwezi. Nami nilimwachia mwana yule kazi hiyo ya hesabu. Akitumia siku 146,097 kwa kila miaka 400, na 10,631 kwa kila miaka 30 ya Hijria, ataona zinatimia 309 na siku kama 73 juu yake.

Wallahu aalam.